Maji ya Wifi

Mama Pacha alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kazi yake aliifanyia sebuleni kwake, cherehani ikitazama dirisha. Kilichomkera kuliko vyote ni kuinuka katikati ya mshono, kuzunguka nyuma ya nyumba na kupanda ngazi ya chuma kuchungulia tanki. Tanki lilikaa juu ya mnara wa matofali, na pampu chini yake ilipandisha maji kutoka kwenye hodhi la ardhini. Akisahau kuiwasha, bomba zote zinakauka. Akisahau kuizima, maji yanafurika na uani panageuka tope.

Mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alichoka kusikia habari za tope kwenye simu. Safari moja akarudi na kisanduku cheupe cha kuendeshea pampu, pamoja na kipimo cha kufunga kwenye mfuniko wa tanki. Kipimo hicho hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la mtu. Sauti ikigonga maji na kurudi, kinajua maji yako umbali gani. Kisanduku nacho huunganishwa na mtandao wa nyumbani, na mwenye nyumba huona kila kitu kwenye simu yake. Mume alieleza hayo akiwa amesimama, akanywa chai, akaondoka na lori.

Fundi umeme wa mtaani, ambaye kila mtu alimwita Volti, alikuja kufunga. Nyaya alizipanga vizuri, kisanduku akakipigilia kwenye ukuta wa nyuma, karibu na pampu. Habari za simu alisema si fani yake. Akamwachia Mama Pacha kijitabu na kumtakia kila la heri.

Ukuta huo wa nyuma, upande wa pili, ulikuwa wa wifi yake, dada wa mume. Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe. Mama alipofariki, wifi akahamia na kufungua saluni sebuleni. Tangu msibani wawili hao hawakuwa wakisemeshana. Wifi alikuwa amesema mbele ya wanawake wote kwamba mama alikufa akimwita, na wala hakuna aliyejisumbua kumwambia. Mama Pacha, aliyemuuguza mama mkwe miezi sita, kumlisha na kumgeuza kitandani, alimeza maneno yale kama mfupa, na mfupa ukabaki hapo hapo kooni. Miezi minane sasa kila mmoja alijua mwenzake yuko ndani kwa kusikia ndoo tu.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alivaa miwani, akachukua kijitabu, akaenda kusimama mbele ya kisanduku. Kijitabu kilisema abonyeze kitufe kwa sekunde tano hadi taa ya buluu ipepese haraka haraka. Hapo kisanduku kitatoa mtandao wake chenyewe, simu iingie humo, halafu aandike jina na nywila ya mtandao wa nyumbani. Alibonyeza, taa ikapepesa. Wakati anatafuta nywila, ambayo mume aliiandika nyuma ya kalenda, mteja akapiga simu kuulizia sketi sita. Aliporudi, taa ilikuwa inapepesa polepole. Hakujua kama hiyo ni dalili njema au mbaya.

Kwenye orodha ya mitandao simu ilimwonyesha mmoja ulioanza na neno "Maji" na kuishia na herufi na tarakimu asizozielewa. Akaugusa. Simu ikaonya kwamba mtandao huo hauna intaneti, kisha kwa hiari yake ikarudi kwenye data. Akaugusa tena, ikarudi tena. Mara ya tatu akazima data kabisa, simu ikatulia. Akaandika nywila. Duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka, mwishowe maandishi ya kijani yakatokea: kifaa kimeunganishwa. Akaulizwa kina cha tanki, akaandika sentimita mia na ishirini. Pampu iwake maji yakifika asilimia ngapi? Akajaza thelathini. Izime yakifika ngapi? Tisini. Alirudi kwenye cherehani akijiona mhandisi.

Furaha haikufika hata Jumatano. Simu ilisema tanki lina asilimia themanini na moja, na bomba la jikoni likatoa hewa, likakohoa, likanyamaza. Akapanda ngazi, akafunua mfuniko. Maji yalikuwa chini kabisa, pengine kiganja kimoja. Akatazama simu akiwa huko huko juu: themanini na moja. Ikabidi ashuke kuwasha pampu kwa kitufe cha kisanduku, kama zamani.

Alhamisi simu ilisema kifaa hakipo hewani, na kisanduku kiko pale ukutani kinapepesa taa. Ijumaa kikarudi hewani. Mchana wa siku hiyo, wakati hajachota hata kikombe, maji ya kwenye simu yalishuka kutoka sabini hadi thelathini, halafu yakaanza kupanda yenyewe, na pampu yake imelala kimya. Mama Pacha alizunguka nyumba yote akitafuta bomba lililopasuka. Alipiga magoti kwenye ukoka akipapasa unyevu. Pakavu. Akampigia mume, ambaye alimwambia azime kisha awashe. Akazima, akawasha. Mume akauliza kama amezima simu au kisanduku, naye akasema vyote. Mume akasema mtandao barabarani ni mbaya, watazungumza baadaye.

Jumamosi akamwita Volti. Volti alipima nyaya kwa kipimo chake cha umeme, akapanda kwenye tanki, akashuka, akakuna kisogo. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichokuwa sawa. Alibadilisha waya wa kipimo ili asionekane amekuja bure. Simu ikasema asilimia hamsini na nne. Tankini mlikuwa na nusu ya hizo. Volti akasema labda simu ndiyo mgonjwa. Hatimaye akashauri jambo moja la maana: yeye atege sikio kwenye kisanduku, na mama abonyeze kuwasha pampu kwa simu, wasikie kama kuna mlio wowote ndani.

Mama Pacha akabonyeza. Kisanduku hakikulia hata tiki. Lakini ng'ambo ya ukuta pampu ilianza kuunguruma.

Wakatazamana. Akabonyeza kuzima, ngurumo ikakatika. Kuwasha tena, ikarudi. Akazima. Mara ya tatu wakasikia mlango wa nyuma wa jirani ukifunguliwa, na sauti ya wifi ikimlalamikia mtu ndani kwamba imeanza tena, na kwamba leo ataing'oa kabisa kwenye umeme kama alivyofanya Alhamisi.

Mama Pacha alikitazama kisanduku, kisha ukuta. Alilishika jambo lenyewe, akalipoteza, akalishika tena. Volti alikusanya vifaa vyake upesi, akasema hili sasa ni la kifamilia, akaaga.

Mama Pacha aliikaza kanga kiunoni, akazunguka hadi geti la pili na kubisha. Wifi alifungua akiwa na kitana mkononi na aproni yenye madoa ya dawa ya nywele. Hakuna aliyejua aanze na salamu gani.

"Wifi," Mama Pacha akasema, "nadhani maji yako yako kwenye simu yangu."

Wifi alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. Mama Pacha akamwonyesha kioo, akabonyeza, na pampu ya uani ikaunguruma. Akazima. Wifi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisema wiki nzima pampu inawaka na kujizima bila mtu, akadhani anaumwa. Siku nyingine akasimama uani na kumtaja marehemu mama yake kwa jina, amwache afanye kazi.

Polepole wakafumbua fumbo. Wifi alinunua kifaa kile kile, na Jumatatu asubuhi ile ile alikuwa upande wake wa ukuta, kijitabu mkononi, akihangaika na simu inayogoma. Ghafla taa ikaacha kupepesa na kutulia, akajua kimekubali, ingawa simu yake iliendelea kusema kimeshindikana. Kumbe kisanduku cha Mama Pacha kilichoka kusubiri wakati anazungumzia sketi, kikazima mtandao wake, na mtandao wa "Maji" uliobaki hewani ulikuwa wa wifi. Mama Pacha ndiye aliyekipa kisanduku cha wifi nywila na kukitia kwenye mtandao wa nyumba yake.

Wifi alitaka kukibonyeza tu upya. Wakajaribu, simu yake ikakataa, ikasema kifaa kina mmiliki mwingine. Ikabidi Mama Pacha akifute kwanza kwenye simu yake, ndipo taa ikapepesa haraka na simu ya wifi ikakiona. Hata hapo hakikuingia. Kisanduku hakikuuona kabisa mtandao wa wifi, kwa kuwa chombo chake cha intaneti kilipangwa kurusha mawimbi mapya ya kasi peke yake, na visanduku vile husikia yale ya zamani tu.

"Tumia wangu," Mama Pacha akasema. "Ngoja nikutumie nywila."

Akatuma ujumbe. Wifi akasubiri, akasema hajapata kitu. Akatuma tena. Wifi akaomba aione namba aliyotumia. Aliitazama kwa muda mrefu mno kwa namba fupi kama ile.

"Hii laini niliiacha mwaka juzi," akasema. "Nilimwambia kaka awape wote namba mpya."

"Hakunipa." Mama Pacha alisikia sauti yake ikitoka mbali. "Hiyo ndiyo nilikuwa napiga wakati mama anakuita. Siku nne. Inasema haipatikani. Nikajua umezima."

Wifi aligeuza kitana mkononi, akakihesabu meno kwa kidole gumba. Mama Pacha alitamani kukasirika na hakujua amkasirikie nani. Mume, laini, au nafsi yake kwa kutouliza. Miezi minane alikuwa ameshika kisa kimoja, na sasa kimemponyoka, na mikono haikujua la kufanya.

"Nisomee tu," wifi akasema mwishoni. "Nitaandika."

Akamsomea herufi moja moja. Taa ikatulia. Wakazunguka hadi upande wa pili, wakakibonyeza kisanduku cha Mama Pacha na kusimama hapo hapo hadi simu ikakiri, safari hii wakilinganisha tarakimu za mwisho na zile zilizobandikwa ubavuni mwa kisanduku. Simu ikaonyesha asilimia ishirini na sita. Pampu ikawaka yenyewe, ya kwake hasa, na matofali ya mnara yakatetemeka.

Wifi akasema ana mteja mwenye dawa kichwani, itamuunguza. Alipofika kwenye geti akasimama, kama anayetaka kusema neno, kisha akasema kesho atakuja na tepu wapime vina vya matanki, maana hiyo mia na ishirini haiamini.

Jioni mume alipiga kuuliza mambo yameishia wapi.

"Kimeunganika na wifi?"

"Kimeunganika."

"Mlifanyaje?"

"Nilimfuata kwake. Mbona hukunipa namba yake mpya?"

Lori lilisikika likipunguza mwendo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, ni wifi gani hasa wanayoizungumzia.