Shangazi Kolokolo, Tazama

Mzee wa Vichwa alijiona mjanja kweli siku alipoamua kujitengenezea faharasa ya kitabu chake. Kitabu chenyewe kilikuwa historia ya gazeti alilolitumikia tangu ujana, akitunga vichwa vya habari mpaka jina hilo likamganda. Prufu, yaani kurasa za majaribio, zilikuwa zimeshatoka kwa mpangaji wa kurasa, kila ukurasa na namba yake, na kilichobaki ni ile orodha ya nyuma inayoonyesha nani katajwa na katajwa wapi. Akasema, "Ah! Kupanga majina kwa alfabeti, kazi hiyo?" Akakaa, akapanga. Loo! Alipomaliza, herufi B ilikuwa imejaa mabwana watupu, M imevimba kwa waheshimiwa na walimu, na mwanzilishi wa gazeti, ambaye jina lake liliandikwa kwa namna tatu katika nyakati tatu, alikuwa amezaliwa mara tatu. Mhariri wa kitabu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia kwa adabu zote kwamba kazi hiyo wataipeleka kwa Bi Tazama.

Bi Tazama si mtu mgeni. Ni mdogo wa mke wa Mzee wa Vichwa, tumbo moja, na kutengeneza faharasa ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto. Wachapishaji walimpa jina hilo kwa sababu ya lile neno "tazama" linalomtoa msomaji kwenye jina moja na kumpeleka kwenye jingine. Mzee wa Vichwa aliona haya kidogo kushikwa makosa na shemeji yake, lakini angevumilia. Kilichomchoma ni kingine kabisa.

Ile orodha yake mbovu aliiacha mezani, na mkewe akaiokota. Akavaa miwani. Akaenda kwenye herufi ya jina lake la ndoa, akashusha kidole taratibu. Akafunua mpaka kwenye herufi ya jina alilozaliwa nalo, akashusha tena. Akavua miwani.

"Mimi simo," akasema.

"Umo bwana! Mbona nimekutaja mara nyingi tu. Hapo nilikuwa naandika haraka haraka, nikawaacha wanaotajwa kwa kupita."

"Sawa."

Mzee wa Vichwa aliijua ile sawa. Ameishi nayo tangu watoto wakiwa wachanga, na haikuwahi kumletea heri hata siku moja. Mkewe akazikunjakunja zile karatasi, akazirudisha mahali pake, akasema kwa upole, bila hata kununa, "Siku ya uzinduzi nendeni tu. Mimi nitabaki hapa hapa." Tena ni yeye aliyeuchapa mswada mzima kwa vidole vyake, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Asubuhi yake mzee alikuwa mlangoni kwa shemeji yake.

Bi Tazama alifanyia kazi chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake lilitazamana na karakana ya seremala, basi vumbi la mbao lilikuwa halimwishi. Mezani palikuwa na prufu zilizokandamizwa kwa pasi ya zamani ya mkaa, kompyuta, na penseli nne zilizochongwa kama zinakwenda vitani.

"Karibu shemeji. Umekuja kuangalia maiti?" akauliza, akiinua ile orodha.

"Niache, mama. Nimeshatubu."

"Bado. Kaa uone." Akamvutia kiti. "Watu hawapangwi kwa kofia zao. Daktari anavua udaktari mlangoni, anaingia kwa jina lake la ukoo. Cheo kama kina kazi kinamfuata nyuma. Ungemtafutaje mtu kwenye M, na nusu ya nchi ni mheshimiwa? Huyu mwanzilishi wako, nimechukua jina alilokuwa akitilia sahihi. Hayo mengine mawili yamo pia, ila hayabebi kurasa. Yana 'tazama' tu, ili anayelijua kwa sura ile asirudi mikono mitupu. Na hapa shemeji, hapa ulinimaliza kabisa. Mchapaji na golikipa wana jina moja, wewe ukawafanya mtu mmoja. Yaani golikipa anadaka penalti ukurasa huu, ukurasa unaofuata anatia wino mashine!"

Mzee wa Vichwa alicheka kwa aibu, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile kompyuta. Kila jina lilikuwa limekaa mahali pake, waliofanana wametenganishwa kwa neno dogo katika mabano. Na kila "tazama" Bi Tazama aliifuata mwenyewe mpaka mwisho kuhakikisha haimpeleki mtu kwenye jina ambalo halipo. Mzee aliyaandika yote haya, lakini hakuwahi kuyaona yakiwa yamesimama wima namna hii. Akajisemea moyoni kwamba mwanamke huyu ana kichwa.

"Shemeji," akasema hatimaye, "dada yako hayumo."

Bi Tazama akaweka penseli chini. "Ndiyo nilitaka nikupigie. Wapo watu kadhaa humu siwaelewi. Nikuulize?"

"Uliza."

"Ukurasa wa thelathini na moja. Siku ya mgomo, 'mpiga chapa mmoja' anachapa toleo zima peke yake. Ni nani?"

"Dada yako."

"Arobaini na saba. Msichana mwenye jina la baba yangu, anaificha taarifa ndani ya kapu la mkate maafisa walipokuja kupekua."

"Si yeye."

"Mia na mbili, 'mke wangu' anasahihisha tahariri. Mia na kumi, bibi mmoja mwenye jina lako la ukoo anasimamia barua za wasomaji."

"Yeye. Yeye."

"Mmoja mmoja hivyo, kila mtu ana mstari wake, kila mtu anapita njia. Ndiyo maana ulipowachuja wakaanguka wote. Haya, hawa wanne nawaunganisha, nikishapata neno lako, ila pale kwa mpiga chapa futa 'mmoja' utie jina lake. Sasa huyu mkubwa. Shangazi Kolokolo."

Mzee akageuka kutazama mlango, kana kwamba msomaji fulani wa zamani amesimama pale. Safu ya Shangazi Kolokolo ndiyo iliyouza gazeti. Watu walimwandikia siri za ndoa zao, naye akiwajibu kwa ukali wa bibi kizee asiye na meno. Alipewa nusu sura nzima katika kitabu, na hakuna mahali palipoandikwa ni nani.

"Alikuwa hajafika hata miaka thelathini," akasema. "Siri ya ofisi."

"Mimi naijua, nimelala naye kitanda kimoja akiandika. Lakini kitabu hakijui. Faharasa haisemi kitu ambacho kitabu hakijasema, shemeji. Nikimuunganisha, msomaji ataenda ukurasa wa mia na kumi na nane na hatakuta kitu. Andika sentensi moja pale, nami nitafanya yangu."

"Naandika sasa hivi!"

"Taratibu. Ukiongeza mistari miwili, miwili inasukumwa ukurasa wa mbele, na namba zangu zinavurugika mpaka mwisho wa sura. Ukitia mbili, toa mbili. Hapo hapo."

Mzee akauvuta ukurasa. Akatoa neno "sana". Akatoa "kwa kweli". Bi Tazama akamwangalia tu. Palikuwa na mistari miwili tu inayoweza kutoka bila kuumiza habari, na mzee aliijua kwa moyo. Ilieleza jinsi waziri alivyomshika mkono mbele ya wafanyakazi wote na kumwita bingwa wa vichwa. Kisa hicho amekisimulia kwenye kila harusi aliyoalikwa. Akapumua. Akaipiga mstari yote miwili.

"Umekua," akasema shemeji yake. "Lakini usiniachie kwanza. Mwenye jina ni dada. Nenda kamuulize yeye, na umuulize nimpange kwa jina lipi."

Alimkuta mkewe sebuleni akikunja nguo zilizoanuliwa kambani. Hakuzunguka. Akamweleza yote, pamoja na habari ya waziri aliyefutwa. Mkewe akakunja shati, akalikunja tena.

"Leo ndiyo unaniuliza?"

"Nimechelewa, mama. Najua."

Mkewe akaliweka shati juu ya mengine. "Anipange kwa jina la baba. Hilo ndilo niliingia nalo kazini. La kwako lipewe hiyo 'tazama'." Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na kama mnaandika, andikeni yote. Filimbi je?"

"Filimbi? Yule wa safu ya michezo? Filimbi si alikuwa yule bwana..."

"Alilazwa hospitali msimu mzima. Nani alikuwa anaandika? Nilikuwa nasikiliza redio huku nachapa. Alinisihi nisiseme, asije akanyang'anywa safu."

Weee! Mzee wa Vichwa ilibidi akae. Msimu mzima alizitilia zile makala vichwa kwa mkono wake, na kitabuni ameandika kwamba Filimbi wa msimu ule "alikuwa mwanamume aliyeuelewa mpira kuliko makocha." Akampigia shemeji yake, na Bi Tazama akapiga kelele ya furaha mpaka simu ikakwaruza. Kisha akatulia, kazi ni kazi. "Basi Filimbi ni watu wawili. Hapo namwelekeza msomaji kwa wote wawili, na kurasa za msimu ule zinakwenda kwa dada. Wewe badilisha tu ile sentensi yako ya mwanamume, imtaje dada. Urefu ule ule, tafadhali!"

Faharasa ilipokuja imepangwa, waliisoma mezani, mume na mke peke yao. Mkewe alianzia kwenye S. Akasoma kwa sauti, "Shangazi Kolokolo, tazama," na hapo likafuata jina lake alilopewa na baba yake. Akaenda. Hakulikuta na mkia wa namba tupu tu. Bi Tazama alikuwa amezigawa kazi zake chini ya jina, kila moja na kurasa zake: barua za wasomaji, gazeti kuchapwa wakati wa mgomo, makala za michezo, safu ya ushauri, tahariri, upekuzi. Lilishuka hivyo, likampita mwanzilishi, likampita kila mhariri mkuu aliyewahi kukalia kiti. La Mzee wa Vichwa lilikuwa fupi, na kwa mara ya kwanza hakuona vibaya. Alijivunia mkewe.

Mkewe akazivuta prufu, akaanza kuzifuata zile namba moja baada ya nyingine, thelathini na moja, arobaini na saba, anasoma, anarudi kwenye faharasa, anakwenda tena. Mzee akaondoka polepole kwenda kuosha vyombo, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi. Aliporudi, mkewe alikuwa amevua miwani na anajifuta macho kwa kiganja.

"Kumbe nilifanya kazi nyingi hivi," akasema.

"Nyingi sana. Nisamehe."

Akamtazama mumewe muda, si kwa hasira. "Yote haya umeyaandika wewe. Kumbe miaka yote ulikuwa unaniona, ila hukujua kwamba wote hao ni mimi mmoja."