Meseji za Mkunga

Mkunga alipofariki, simu yake ilibaki imefungwa. Binti yake, fundi cherehani, alijaribu namba zote alizozijua mpaka fundi simu akamzuia: "Dada, ukikosea tena na tena inaweza kujifuta yote."

Alitaka kuisikia sauti ya mama. Huyu mama alizoea kurekodi meseji badala ya kuandika. Basi akaenda na mjomba wake kwa wakili, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Mtandao wenye ukurasa wa mama yako," wakili alisema, "utataka cheti cha kifo, kitambulisho chako na cheti chako cha kuzaliwa, kuonyesha kwamba ni mama yako. Kwa vyeti hivyo ukurasa utageuzwa wa kumbukumbu, au ufutwe ukipenda. Nywila hawatoi kwa mtu. Ukitaka yaliyomo ndani, wataomba uthibitisho kwamba wewe ndiye msimamizi wa mirathi, pamoja na amri ya mahakama. Na hata hapo hawatoi ahadi."

"Na zile za sauti?"

"Zile zilipita kwenye programu inayofunga ujumbe kati ya simu na simu. Kampuni yenyewe haina nakala ya kusoma. Hawawezi kutoa wasichokuwa nacho."

Mjomba alikunja uso. "Kwa hiyo dada yangu kaondoka na siri zake?"

"Na siri za wenzake pia, mzee. Wanawake waliomwandikia mkunga wao hawakumwandikia binti yake."

Hilo binti hakuwahi kulifikiria.

Alituma vyeti. Baada ya wiki tatu ukurasa ukageuzwa wa kumbukumbu, na marafiki wa mama wakawa bado wanaweza kuandika hapo. Naye akaandika hapo: "Mama alikuwa akirekodi sana. Mwenye sauti yake, na akiridhia, anitumie kwa namba yangu hii."

Asubuhi iliyofuata alikuwa anapima kitambaa cha sare za shule. Simu yake mwenyewe ikaanza kulia, ikalia tena, haikunyamaza. Wanawake asiowajua, wengine kutoka nchi za mbali. Mjomba akavuta kigoda karibu.

"Pumua, mwanangu. Usiogope, niko hapa hapa." Sauti ya mama, ya miaka sita nyuma. Nyingine: "Joto limepanda? Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje mumeo." Nyingine ilikuwa kicheko tu, na nyuma yake kilio cha kichanga.

"Huyo ndiye aliyezaliwa wakati natafuta gari," mama wa kichanga huyo aliandika chini. "Bibi mkunga alinielekeza kwa simu mwanzo hadi mwisho. Sasa yuko darasa la tatu."

Mjomba alivua kofia. Miaka yote alidhani dada yake, akikaa barazani na simu sikioni, anapiga soga.

"Wote hawa," alisema. "Wote hawa, na sisi tulikaa nyumba moja naye bila kujua."

Binti aliuweka mkasi chini. Akabonyeza ujumbe uliofuata.