Ombi Lisilofika Minova

Kompyuta mpya haikuwa na kosa lolote, ila Martine alikuwa ameanza kuichukia. Kila alipoandika neno la siri la shirika, ilimjibu kwa adabu ileile: angalia simu yako, kisha uguse Ndiyo. Na simu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Papa Jean-Marie, mratibu wa shirika, naye alikuwa Minova kwenye matanga ya kaka yake mkubwa.

Shirika lao ni dogo, vyumba viwili ghorofani katika mtaa wa Nyawera, na kazi yake ni kuisaidia nyumba ya uzazi ya Mudaka. Wafadhili walikuwa wanapokea maombi ya friji za jua za kuhifadhia chanjo, na mwisho ulikuwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Mafaili yote yalikuwa ndani ya akaunti ya shirika. Kompyuta ya zamani ingeingia bila kuuliza maswali, lakini umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza, pamoja na zile namba za akiba za kuingilia ambazo Martine mwenyewe alizihifadhi humohumo. Mtu anafungia ufunguo ndani ya nyumba, halafu anashangaa kulala nje.

Akapiga simu.

"Papa Jean-Marie, pole tena na musiba. Nimetuma ombi ingine ya kuingia. Iko naonekana?"

"Hapana, maman. Siko naona kitu."

"Uangalie muzuri, papa."

"Simu iko mu mukono. Hakuna kitu."

Dakika haikupita, Jean-Marie akamtumia picha kwenye WhatsApp: kioo cha simu yake, kitupu, bila ombi lolote. Ilikuwa ushahidi wa mtu mwema. Martine aliutazama akaona kinyume chake. Picha imefika papo kwa papo, na kabla ya hapo Jean-Marie alikuwa amepokea ujumbe wake wa sauti mara mbili. Mtandao anao basi! Anakosaje kuona ombi moja dogo?

Wasiwasi wake ulikuwa na mizizi. Mbele ya kamati, Jean-Marie alikuwa amesema faili la friji halijaiva, wangoje awamu nyingine. Kamati ikasimama na Martine. Jean-Marie alinyamaza, akafunga begi lake, akaenda. Tangu hapo Martine alikuwa akiupima ukimya ule, na kama ijulikanavyo, ukimya wa mtu mwingine unajazwa na chochote ulicho nacho wewe moyoni.

Akatuma ombi tena na tena. "Sioni," akajibiwa. Akawaza wale mama wa Mudaka wanaoshuka hadi mjini na watoto mgongoni kwa sababu ya sindano moja. Hasira ikampanda. Akafungua kundi la kamati kwenye WhatsApp, akaandika: "Papa Jean-Marie anakataa makusudi kutufungulia akaunti ili faili lisiende. Kamati ijue nani anawanyima watoto chanjo."

Akatuma. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani huwakumbuka wahenga kidole kikiwa tayari juu ya kioo?

Chrispin aliingia akihema. Ni mwalimu wa kompyuta na mjumbe wa kamati, mtu mpole asiyependa ngazi.

"Nimesoma message yako, Martine. Mbele ya kuhukumu mutu, tuulize simu."

"Simu iko sawa. Iko natuma picha!"

"Kwanza, uache kubonyeza. Kila ombi iko na maisha mafupi, na ukituma mingi, système itatufungia mulango."

Akampigia Jean-Marie, akaweka spika. Nyuma ya sauti yake walisikika wanawake wakiimba taratibu. Chrispin aliuliza kama daktari anayebonyeza tumbo, hapa panauma, na hapa? Je, ni simu ileile iliyoandikishwa, hakuibadilisha? Ni ileile. Akaunti ya shirika bado imo ndani yake, haikutoka? Imo. Arifa za ile programu zimeruhusiwa? Zimeruhusiwa. Hakuiweka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa, kwa heshima ya msiba? Alikuwa ameiweka, akaitoa. Ile ya kubana betri, inayozilaza programu? Nayo ilikuwa inawaka, akaizima. Saa na tarehe ni sahihi? Sahihi.

Martine akatuma ombi moja. Wakangoja.

"Sioni kitu," akasema Jean-Marie, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka.

"Ufungue programu yenyewe, papa, uvute kioo chini. Mara ingine ombi iko ndani, ila haipigi kengele."

"Iko nazunguka tu. Haifunguke."

Chrispin akakunja uso. "Ujaribu ukurasa wa habari, yoyote."

"Nayo iko nazunguka. Lakini WhatsApp iko nafunguka bien."

Martine aliondoa mkono kwenye kibodi. Hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe, kila mwisho wa wiki akiwa nyumbani, hununua kifurushi kilekile, cha bei ndogo, kinachobeba WhatsApp na kuacha mengine yote nje. Nusu ya mji inaishi hivyo. Hapa ofisini Jean-Marie alikuwa anatumia Wi-Fi, kwa hiyo maombi yalikuwa yakimfikia siku zote, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yanapita njia yake mbali na ya WhatsApp.

"Papa," akauliza polepole, "uliweka forfait gani?"

"Ya WhatsApp. Si ndiyo internet?"

Hakuna aliyecheka. Martine alimnunulia mega za kawaida, za mtandao wote, kutoka simu yake. Chrispin akasema tuma sasa. Kioo cha kompyuta kikaonyesha namba hamsini na nane.

"Imefika!" Jean-Marie akapaza sauti, na waimbaji nyuma yake wakasita. "Inaomba namba."

"Cinquante-huit, papa."

Mlango wa akaunti ukafunguka. Faili likaenda dakika chache kabla ya saa sita, na Chrispin akampigapiga Martine begani, akashuka kwenda kufundisha. Martine alikimbilia kundi la kamati kuufuta ujumbe wake. Tiki zilikuwa za buluu: wote walikuwa wameshausoma. Ombi lilishindwa kufika Minova asubuhi nzima, ila matusi yake yalisafiri bila kikwazo, kwa kifurushi kilekile.

Simu ikalia. Jean-Marie.

"Imeenda?"

"Imeenda, papa. Nisamehe. Nilikosa sana."

"Ile message iliingia tukiwa tunaangalia picha za marehemu. Simu ilikuwa mu mikono ya mama yangu. Alisoma mbele yangu. Aliniuliza kama ni kweli, Martine. Siku ya kuzika mutoto yake."

Martine alilia bila kujificha. Maji yakimwagika hayazoleki, na alijua aliyeyamwaga ni yeye.

"Nimekusamehe," akasema Jean-Marie. "Lakini vile sasa uko mu compte ya shirika, weka simu yako ipokee maombi. Yangu uitoe."

"Papa, hapana. Tuache zote mbili."

"Uitoe. Internet itanikatalia tena siku ingine, na mama yangu ni muzee. Sitaki aulize mara ya pili."

Martine aliandika kwenye kundi, kwa jina lake na bila kujitetea, kwamba alimsingizia mtu asiye na hatia. Kisha akaandikisha simu yake. Akatafuta ile ya Jean-Marie kwenye orodha, akakaa akiitazama mpaka macho yakauma, akagusa Ondoa.

Kabla ya kuiondoa, kompyuta ilitaka uthibitisho. Safari hii ombi halikuchelewa hata kidogo. Simu ya Martine ikatetemeka palepale mezani. Je, ni wewe unayefanya hivi?

Akagusa Ndiyo.