Mlango wa Nusu Saa

Nyuma ya duka la vipuri la Njogu, mjini Mwingi, palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa mabati. Humo vijana walinyanyua ekseli za malori zilizochomekwa magurudumu ya gia huku na huku, na mikebe iliyojazwa saruji. Sheria za mahali hapo zilikuwa nyingi na zote zilivunjwa, isipokuwa moja. Ukishaweka chuma chini, nusu saa isipite kabla hujameza mayai yako.

Njogu aliisoma sheria hiyo katika gazeti la wajenga miili lililomfikia kutoka Nairobi, lenye picha ya mzungu aliyetuna kama gunia la mbaazi.

"Misuli ina mlango," alipenda kuwaambia, akigonga saa ya ukutani kwa spana. "Ukifanya kazi, mlango unafunguka. Nusu saa, unajifunga, paa! Kama hujaingiza protini, misuli inaanza kujila yenyewe. Jasho lako lote umelimwaga bure."

Basi kila jioni vijana walijipanga mbele ya bakuli la mayai mabichi, macho kwenye saa, wakimeza kwa nyuso za watu wanaokunywa dawa ya minyoo. Hemedi alikuwa mmoja wao. Alibeba magunia katika ghala la nafaka, na mizani ya ghala hilo ndiyo iliyotumika kupimia vyuma vya Njogu. Hakuna aliyemeza haraka kumshinda. Aliiamini nusu saa ile kama alivyoamini kwamba kesho jua litachomoza.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama, katikati ya Januari, jua likiwa limeikausha Mwingi hadi mbuzi wanasimama kwenye vivuli vya nguzo za simu.

Siku ya kwanza ya kufunga Hemedi alifanya mazoezi kama kawaida, akaweka chuma chini saa kumi na moja, akachukua shati lake.

"Wewe! Mayai," Njogu akamwita.

"Nimefunga, Kocha. Nitakula magharibi ikiingia."

Njogu alitazama saa. "Hiyo ni saa nzima na nusu."

"Basi tusogeze mazoezi mbele kidogo. Nikimaliza, adhana inaniita kwenye chakula."

"Duka nafunga saa kumi na mbili, na huku nyuma hakuna taa. Nisogeze watu wote kwa ajili ya tumbo la mmoja?" Njogu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioudhi zaidi. "Sikiza, kijana. Mungu anaelewa. Mayai mawili tu, kama dawa. Baada ya Idd tunakwenda Embu kwa mashindano ya mkoa. Wewe na Musembi ndio ninaowategemea kuinua kilo mia. Lakini siwezi kupeleka Embu mtu ambaye misuli yake inajila."

"Mungu anaelewa, ndiyo," Hemedi akajibu. "Mimi ndiye niliyemwahidi, na mimi sijaelewa kwa nini nimdanganye."

"Basi Embu huendi."

Musembi, rafiki yake tangu wakicheza mpira wa matambara, alifuta ute wa yai mdomoni. "Aii, Hemedi! Mfungo ukiisha tutakufunga wewe kwenye ekseli, utakuwa mwepesi kama ufagio."

Wote wakacheka. Hemedi naye alicheka, kwa sababu kukataa kucheka ni kukubali kwamba umechomwa. Lakini mlangoni aligeuka.

"Kocha, kabla hujaandika majina ya Embu, nipime. Kumi la mwisho la mfungo, nikiwa nimefunga, hapa hapa mbele yao. Nikishindwa na mia, nitabeba mizigo yenu hadi stendi. Nikiiinua, unaandika jina langu."

Njogu alitikisa kichwa kama baba anayemwona mtoto akielekea kwenye moto. "Sawa. Ukitaka kuaibika, ni hiari yako."

*

Wiki mbili baadaye, ilionekana Njogu alisema kweli.

Chuma kilikuwa kizito. Tisini, uzito ambao Hemedi alizoea kuurusha juu kama mtoto, uliganda kifuani mwake na kurudi chini. Katika mizani ya ghala yeye mwenyewe alikuwa amepungua. Njogu hakumcheka. Aligonga saa tu kwa spana, na mlio huo ulimfuata Hemedi hadi nyumbani kama mbwa.

Usiku huo aliomba kwa muda mrefu. Hakuomba nguvu. Aliomba asianze kuuchukia mfungo wake, maana aliona chuki ikinyemelea.

Kesho yake Kalondu, dada mkubwa wa Musembi, alikuja ghalani kununua pojo. Alikuwa muuguzi wa lishe katika hospitali, mtu wa kupima watoto na kuwakemea mama zao kwa mapenzi.

"Musembi ananiambia wewe unabishana na saa," alisema akichovya mkono guniani kukagua pojo.

"Na saa inanishinda, dada."

"Jana, tangu jua lilipotua mpaka adhana ya alfajiri, umekula nini? Usinipambie. Sema."

Hemedi alifikiri. "Tende. Uji. Viazi karai. Chai."

"Daku?"

"Nililala, dada. Nimechoka na magunia."

"Kabla ya mfungo ulikuwa unakula nini kwa siku?"

"Maharagwe mchana. Maziwa asubuhi. Nyama mara kwa mara, mama akipata. Na mayai ya Kocha."

Kalondu alijipangusa vumbi la pojo. "Sasa nani mwizi hapo? Saa, au sahani? Umeondoa maharagwe, umeondoa maziwa, umeondoa nyama, halafu unasema ni nusu saa iliyokuumiza."

"Lakini Kocha anasema mlango unajifunga."

"Misuli haina mlinzi mlangoni. Ukiifanyisha kazi, inajitengeneza usiku kucha na kesho yake pia, na muda wote huo inapokea chakula. Na nyama uliyokula haiishi tumboni kama maji. Inasagwa kwa saa nyingi, kidogo kidogo." Akapima maneno yake. "Sitakudanganya. Mtu aliyeanza mazoezi na tumbo tupu asikae mpaka usiku wa manane bila kula. Huyo anajichelewesha. Na kama kuwahi kunaongeza faida kidogo, mimi sijui, sijaona aliyepima vizuri. Lakini kidogo hicho hakiwezi kuziba pengo la sahani nzima. Wewe unamaliza saa kumi na moja, jua linatua saa kumi na mbili na nusu. Si kitu. Kula vizuri hapo, kula tena kabla ya kulala, na usikose daku. Kila mara kuwe na maharagwe, maziwa, yai au nyama. Na maji, wewe! Maji usiku."

"Na gazeti la Kocha?"

"Lile? Nimeliona kwetu. Ukurasa wa nusu saa umefuatwa na ukurasa wa mkebe wa unga wa protini unaouzwa. Nilishangaa sana," alisema, bila kushangaa hata kidogo.

Mama yake Hemedi, Mwanamisi, alipopewa habari hizo aliweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo wiki mbili nzima nimekuachia usingizi kwa huruma, kumbe nakupunguza? Leo utaamka hata kwa ndoo."

Akaamka, mara nyingine kwa ndoo kweli. Magharibi alifungua kwa tende na maji, akaswali, kisha akarudi kwenye sufuria ya pojo na vipande vya mbuzi. Baada ya tarawehe, maharagwe na chapati. Alfajiri, mayai, ya kuchemsha, na kikombe kikubwa cha maziwa. Hakuna aliyetazama saa. Taratibu mizani ya ghala ikaanza kumrudisha alikotoka, na ile tisini ikaanza kumsikiliza tena.

*

Siku ya kupimwa, uwanja wa mabati ulijaa. Waliokuja walikuwa wanyanyuaji, mafundi wa gereji jirani, na wauza mboga za sukuma ambao hawakuwa na habari ya protini lakini walisikia kuna mtu ataaibika.

Musembi alitangulia. Aliinua mia, akaomba ziongezwe mbili na nusu, akashindwa, akatukana kwa Kikamba na kuomba msamaha kwa Kikamba hicho hicho. Jina lake likaandikwa, akameza mayai yake haraka kabla Kocha hajanyoosha spana.

Hemedi akasogea. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alisema bismillahi, akainama, akaivuta ekseli hadi kifuani. Ilitulia pale muda mfupi uliotosha mtu mmoja kusema "Ameisha!" Kisha magoti yakakunjuka, mikono ikanyooka, na kilo mia zikasimama juu ya kichwa chake bila kutikisika.

Kelele ziligonga mabati.

"Shusha!" Njogu akapaza sauti, na kabla Hemedi hajavuta pumzi ya pili alichomeka mbili na nusu yeye mwenyewe. "Tena."

"Kocha, hayo hatukukubaliana," Musembi alilalamika.

"Mwache aongeze," Hemedi alisema. Aliinua. Safari hii alipepesuka hatua mbili, ulimi nje, lakini chuma kilikwenda juu na kikakaa juu.

Njogu alishika bakuli la mayai bila kujua anamshikia nani. "Huu ni muujiza," alisema taratibu. "Kijana, wewe una imani. Mungu amekulindia misuli."

Yangekuwa maneno mazuri ya kumaliza nayo. Watu walikuwa tayari kuitikia amina. Lakini Hemedi alihisi kitu ndani yake kikikataa, kikali kuliko kilichomkatalia mayai siku ya kwanza.

"Hapana, Kocha. Usimtwike Mungu kazi iliyofanywa na pojo. Yeye alinipa subira ya kutokunywa maji. Nguvu nimezila. Nimekula kama Musembi, pengine kumshinda, ila sahani yangu huja jua likishatua. Wiki mbili za kwanza nilifunga nikala viazi, na Mungu yule yule akaniacha nishindwe na tisini. Ukisema ni muujiza, kesho utamwambia Mwislamu mwingine ale mchana kwa sababu yeye hana muujiza."

Wauza sukuma wakaguna. Njogu alikunja uso. "Basi chukua mayai, tumalize."

"Bado."

Hemedi alivuta benchi, akaliweka chini ya saa ya ukutani, akaketi, mikono juu ya magoti. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika chache. Musembi alielewa kwanza, akaanza kucheka, akaketi kando yake. Wengine wakachuchumaa. Mkono wa saa ukatambaa. Nusu saa ikafika, ikapita, na hakuna kilichosema paa.

"Kocha," Musembi aliita, akimbonyeza Hemedi bega kama mtu anayekagua parachichi, "umesikia mlango? Mimi sijasikia. Bado liko hapa lote."

"Nyamaza, wewe," Njogu alisema, lakini hakuondoka. Saa kumi na mbili ikafika, saa ya kufunga duka, na funguo zilibaki zikining'inia kwenye mkanda wake. Giza likaanza kuingia chini ya mabati. Alikwenda mbele, akarudi na karabai ya duka, akaiwasha bila neno na kuitundika kwenye msumari kando ya saa.

Hapo adhana ikasikika kutoka msikitini.

Hemedi alitoa tende mfukoni, akatia dua, akafungua. Musembi akampa maji. Kisha alimnyooshea mkono Njogu, na Njogu akamsogezea bakuli.

"Haya ni mabichi, Kocha," Hemedi alisema akilitazama. "Mwezi huu nimeyazoea yaliyochemshwa."

Njogu akachukua bakuli, akainama kwenye jiko la mkaa la mlinzi wa duka, akatafuta sufuria ya kuyachemshia.

"Vai thina," alisema kwa Kikamba chake chenye lafudhi ya Kikikuyu, bila kugeuka. Yaani, hakuna shida. "Kaswali kwanza. Yatakungoja."