Asilimia Kumi ya Nini

Mkono wa kulia wa kaka yangu ulikuwa ndani ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi kwenye meza yake ya kuchomelea vyuma, na Kifua, baunsa wa mkopeshaji, alikuwa ameshika mpini wake. Mkopeshaji mwenyewe alinirushia karatasi.

"Wewe ndiye karani wa hesabu. Msomee kakako anachodaiwa."

Ilikuwa na mstari mmoja: laki tano, riba asilimia kumi, miezi sita. Basi. Chini yake sahihi ya kaka.

"Nimeshamaliza," kaka alisema, jasho likimtiririka. "Laki tano na hamsini elfu, kwa mkupuo. Dada ndiye aliyenipigia hesabu."

"Asilimia kumi ya nini? Kwa mwezi, kwa mwaka, au kwa mkopo mzima?"

"Kwa mwezi. Nani asiyejua?"

"Imeandikwa wapi?"

Kifua akazungusha mpini robo. Kaka akapiga yowe.

"Na riba inaongezwa kwenye deni kila mwezi, halafu nayo inatozwa riba?" niliuliza. "Au ni ya deni la mwanzo tu? Na kama angelipa kidogo kidogo, ungetoza salio au laki tano zote?"

"Piga hesabu, mama. Maswali peleka shuleni."

Nikapiga. Kwa mwezi, bila riba kuzaa riba, jumla laki nane. Ikizaa, laki nane, themanini na tano elfu, mia saba themanini na ushee. Karatasi moja, madeni matatu.

"Hiyo ya mwisho ndiyo yangu," mkopeshaji alisema. "Toa salio la laki tatu na thelathini na tano elfu."

"Hukusema hivyo," kaka alisema. "Hukusema kabisa."

Mpini ukazunguka tena, na nilisikia mfupa ukikatika. Sikufikiri. Niliokota nondo chini ya meza nikamtandika Kifua mkononi, kisha begani, nikaendelea hata alipokuwa ameanguka. Mkopeshaji alinikaba shingo kutoka nyuma. Nilimkanyaga, nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu yake, akanibamiza ukutani. Mafundi wa karakana ya jirani walipoingia na misumeno ya kukatia mbao, yeye na Kifua walitoka mbio. Nililegeza jiliwa. Vidole vitatu vya kaka vilikuwa vimelala upande.

Hospitali walimfunga mkono mpaka kwenye kiwiko. Daktari alisema huenda asishike tena mashine ya kuchomelea. Nilimpa maji, naye akanywa kidogo.

"Siku ile nilipokupigia simu, ulijuaje kuwa ni laki tano na nusu?"

Siku ile nilikuwa nakula, simu nimeibana begani, na sikumwuliza hata swali moja.

"Sikujua," nilimwambia. "Nilihesabu tu."