Ninasimamia, Nilisimamia

Mchapaji alikuwa na wateja wa kila aina. Wapo waliotaka picha yao iwe nyeupe kuliko walivyo, wapo waliobishana na printa kana kwamba ina masikio. Wote aliwavumilia. Aliyemshinda ni mmoja tu, na huyo walizaliwa tumbo moja.

Kaka yake alikuwa mtunza ghala. Mtaa mzima walimwita Stoo, hata watoto wake wakitaniwa shuleni walikuwa wana wa Stoo. Ghala lenyewe lilifungwa mwaka uliopita. Kampuni ilikufa, wafanyakazi wakashikishwa barua, na tangu hapo jengo limepakwa rangi ya waridi na kugeuzwa ukumbi wa harusi. Kila mwenye macho aliona, isipokuwa Stoo. Yeye alisema wamesimamishwa tu, mambo yakikaa sawa wataitwa.

"Wataitwa na nani?" mchapaji aliwahi kumuuliza. "Na bwana harusi?"

Kaka alinuna siku mbili.

Basi ikatokea nafasi. Kiwanda cha dawa za kufulia kilitafuta mtunza ghala, na wifi, mke wa Stoo, ndiye aliyemsukuma mumewe mpaka dukani kuandikiwa wasifu wa kazi. Mchapaji akaketi naye, akamhoji, akaupanga vizuri. Juu kabisa akaweka muhtasari wa sentensi tano, maana waajiri wengi husoma hapo kwanza, na wengine hawafiki chini. Majukumu yote ya ghala akayaandika kwa wakati uliopita: nilisimamia, niliongoza, nilihakikisha. Kazi imekwisha, na maneno yake yamekwisha. Hakuna elimu ya ajabu hapo.

"Mbona unaandika kama marehemu?" Stoo akalalamika.

"Kaka, hapo hufanyi kazi tena."

"Kwa sasa."

Mteja mwingine akaingia na rundo la karatasi za kutoa fotokopi, mchapaji akainuka kumhudumia. Aliporudi kaka yake alikuwa ametulia kimya, mikono mapajani, mpole kama mgeni. Angeshtuka hapohapo, kwa sababu Stoo hakuwa mpole hata usingizini. Lakini foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, naye akautuma wasifu kwa barua pepe bila kuutazama mara ya pili.

Keshokutwa yake asubuhi simu ya duka ikalia. Ilikuwa afisa ajira wa kiwandani, mama mmoja mwenye sauti ya mtu aliyesoma wasifu mwingi na kuchoka.

"Ninyi ndio mmetuma maombi ya huyu mtunza ghala? Simu yake haipatikani."

"Ndiyo, mama. Ni kaka yangu."

"Haya, nisaidie. Huyu kaka yako yuko kazini au ameondoka? Sentensi ya pili anasimamia mizigo. Ya tatu aliongoza wapakiaji. Ya nne anahakikisha hesabu ya stoo. Ya tano alipunguza upotevu. Ameingia, ametoka, ameingia tena, ametoka tena. Nimsubiri mlangoni?"

Mchapaji akafungua faili. Loo! "Ninasimamia" limekaa hapo kifua mbele, na "ninahakikisha" nalo.

"Ameondoka, mama. Tangu mwaka jana."

"Ungejua nimeshamweka upande wa wale walio kazini! Hao wanahitaji muda wa kuaga waajiri wao, na mimi nataka mtu wa kuanza Jumatatu. Uzoefu wake ni mzuri, ndiyo maana nimejisumbua kupiga. Tunakaa mchana kuchagua wa kuwaita. Nileteeni uliosahihishwa kabla ya hapo, na yeye mwenyewe anipigie. Sitaki kusikia habari zake kwako."

Mchapaji akampigia wifi, wifi akamtoa mume wake alipokuwa, na haikuchukua muda Stoo akasimama mlangoni akiwa na sura ya mtu aliyeonewa.

"Umegusa kazi yangu," mchapaji akamwambia, hata salamu hakutoa.

"Nilirekebisha kidogo tu."

"Kidogo! Ungegeuza yote basi, tujue moja! Umegeuza mawili, ukaacha mawili. Mtu akisoma anaona una mizimu. Umejitoa mwenyewe kwenye kazi, kaka, kwa kidole kimoja!"

"Nilisikia unarudi, sikuwahi kumaliza."

Mchapaji alicheka bila kupenda, kisha akakasirika zaidi kwa sababu amecheka. Akamvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Kaa. Sibadilishi mimi. Nikibadilisha mimi, kesho utakuja na kidole chako. Badilisha mwenyewe."

"Aa, mdogo wangu..."

"Kaa!"

Stoo akakaa. Akazitafuta herufi kama mtu anayetafuta chuya kwenye mchele. Akafuta "ninasimamia". Nafasi ikabaki tupu, kile kimstari cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima, naye akakikodolea macho asiandike chochote. Mchapaji alitaka kumfokea tena, maana saa zilikuwa zinakwenda, lakini akaona kidevu cha kaka yake kinatetemeka. Mtu mzima, baba wa watoto. Hasira zote zikamwishia.

"Nikiandika hivyo," Stoo akasema taratibu, "basi kweli hawatuiti."

"Hawawaiti, kaka."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Mchapaji akainama, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, sentensi ya kwanza kabisa. Mimi ni mtunza ghala mwenye uzoefu wa miaka mingi.

"Hii sijaigusa, na usiiguse. Hapa hatusemi ulikuwa. Ukiamka leo unajua kupanga mzigo, unajua kuhesabu, unajua dereva gani ni mwizi. Hiyo unayo sasa hivi. Kilichokwisha ni kule ulikofanyia, na ndicho kinachokwenda nyuma. Chote, si nusu."

Stoo akaisoma ile sentensi, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akaandika "nilisimamia". Akashuka chini, akaandika "nilihakikisha". Akarudi juu akasoma yote mpaka mwisho, mara mbili, na safari hii hakugusa kitu kwa siri. Mchapaji akasoma baada yake, neno kwa neno, ndipo akatuma.

"Sasa piga simu."

Stoo akapiga kwa simu ya duka, amesimama wima kama aliyeitwa ofisini. Mchapaji alisikia upande mmoja tu.

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi... Hapana. Sipo kazini." Akaitazama tena ile sentensi ya kwanza kwenye kioo. "Nilifanya kazi pale mpaka walipofunga. Walifunga kabisa... Ndiyo, naweza Jumatatu. Kesho asubuhi kwa usaili? Nitafika, mama. Asante."

Akaweka simu chini. Mchapaji akapiga makofi, akamgonga bega, akamwambia sasa akimbie nyumbani kwa wifi. Stoo hakuinuka. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Unangoja nini? Nenda kamwambie."

"Nimwambie nini, kwamba ghala limefungwa?" Stoo akasema. "Mke wangu anajua ghala limekwisha tangu siku ile ya barua. Watoto wanajua. Mimi ndiye niliyekuwa sijaambiwa."