Hereni 0417

Jumatatu ile ripoti ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ilisema kata ya Gendabi imechanjwa asilimia mia na kumi na nane. Mkuu wetu wa idara ya mifugo hapa Katesh, Bwana Hilary, aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, kisha akaniuliza kama ng'ombe wa Gendabi huzaliwa wakiwa wamechanjwa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu programu ya kompyuta inayolisha hiyo ripoti nimeiandika mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kawaida. Wilbard, afisa mifugo wetu aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, hujaza fomu kwenye simu zizi kwa zizi. Mtandao ukikatika hubonyeza kutuma tena, na tena, na kila anachotuma hubaki kwenye seva ya kupokelea. Programu yangu ilikuwa inachukua kila kilichofika na kukiongeza chini ya jedwali la ripoti bila kuuliza. Na siku programu ikifia njiani, nikiiendesha upya, ilianza mwanzo na kumwaga yote mara ya pili. Ng'ombe mmoja alikuwa na mistari mitatu, minne.

Nilikaa nayo siku moja. Nikaifundisha ichukue tu fomu zilizopokelewa tangu mara ya mwisho ilipomaliza salama, na kabla ya kuandika iangalie: huyu yumo? Kama hayumo, ongeza. Kama yumo na kuna kilichobadilika, rekebisha mstari uleule. Kama yuko vilevile, mpite. Ili kumtambua nikaweka ufunguo: namba ya hereni ya sikioni pamoja na jina la mmiliki. Nikafuta jedwali, nikalijaza upya. Gendabi ikashuka hadi asilimia tisini na moja. Bwana Hilary akasema sasa nimekuwa mtu mzima. Chanjo ya kata iliyovuka asilimia themanini hufungwa, na dozi zilizobaki huenda kwingine. Za Gendabi zingeondoka Ijumaa.

Jumatano mchana simu ikaita. Alikuwa Mzee Akonaay wa Gendabi, rafiki wa marehemu baba yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Marieta. Hamjambo huko?"

Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, maana kwake huwezi kuruka hata moja. Ndipo akasema: "Nasikia redioni sisi tumemaliza chanjo. Mimi zizi langu walifika, nashukuru. Lakini ng'ambo ya korongo hawajakanyaga. Kwa Onesphory hawajafika, kwa mama Fransiska hawajafika. Juzi ndama wawili wamekohoa mpaka wakalala. Sasa kumaliza ni kumaliza gani?"

Nilimwambia nitaangalia. Nilijibu kwa upole, lakini moyoni nilikasirika, na hasira ya mtu anayejua alipokosea ni mbaya kuliko zote.

Maana nilikuwa najua. Baba yangu, Bonaventura, alikuwa mkulima wa Dongobesh, na kama wazee wote wa kwetu hakuweka mayai yake kwenye kapu moja. Zizini alibaki na ng'ombe watatu tu. Wengine aliwaweka kwa marafiki, huyu Gitting, huyu Gendabi, ili ugonjwa au ukame ukipiga mahali pamoja usimalize wote. Aliyekaa na ng'ombe alikunywa maziwa, mwenyewe akabaki na ng'ombe wake. Nikiwa darasa la tatu alinichukua kwenda kumwangalia mmoja kwa Mzee Akonaay, mwekundu mwenye paji jeupe. Tulishuka tangu alfajiri, nikiwa nimevaa sweta la shule, Mlima Hanang ukiwa mbele yetu njia nzima. Nikamuuliza: huyu ni wetu au wa Mzee Akonaay? Maana watoto wa pale nao walisema ni wao. Baba akacheka mpaka akasimama. Akasema, "Ng'ombe akihama zizi hageuki kuwa wawili." Ninavyomkumbuka, nakumbuka zaidi kicheko hicho. Siku hizi ningelipa chochote nikisikie tena.

Sasa fikiria Wilbard, mtoto wa migombani, kafika zizini. Anauliza jina la mmiliki, anatajiwa aliye pale. Jioni mwenyewe anapiga simu kutoka Gitting, Wilbard anasahihisha na kutuma. Hereni ni ileile, jina limebadilika. Kwa ufunguo wangu, huyo ni ng'ombe mpya. Ndio ng'ombe waliojaza asilimia zangu tisini na moja.

Mzaliwa mzima wa Dongobesh, nisilione hilo? Nililiona. Jina la mmiliki nililiweka kwenye ufunguo kwa makusudi, na sijamwambia mtu mpaka leo. Yule mwekundu alizaa, mjukuu wake yuko bado kwa Mzee Akonaay, hereni 0417, na alichanjwa Mei, baba akiwa hai. Juni tukamzika. Nilijua wenye zizi wangebadilisha jina, na programu iliyoandikwa sawasawa ingeandika jina jipya juu ya lile la zamani. Nilitaka mstari ule ubaki. Mchana wakati wa chai nilikuwa nautafuta kwa jina lake kamili, nauangalia, nafunga. Sikuwahi kutafuta kwa namba.

Na kwa ajili ya mstari mmoja, ndama walikuwa wanakohoa ng'ambo ya korongo.

Alhamisi asubuhi nikamweleza Bwana Hilary kwamba namba zangu si za kweli. Sikumweleza kwa nini.

"Una uhakika safari hii?"

"Nipe saa moja, bosi."

Nikaliondoa jina la mmiliki kwenye ufunguo, nikaacha hereni peke yake, na nikaliambia jedwali lenyewe likatae hereni moja kuingia mara mbili. Fomu zikiwa nyingi za ng'ombe mmoja, iliyosahihishwa mwisho ndiyo ishike. Mkono ulikaa juu ya kibodi muda mrefu kuliko ilivyohitaji kazi. Nililia kidogo, naona hakuna haja ya kuficha. Kisha nikalifuta jedwali na kulijaza.

Mistari elfu mbili mia saba na thelathini ikawa elfu moja mia tisa na ishirini. Asilimia sitini na nne. Nikaiendesha tena: wapya sifuri, waliobadilika sifuri. Nikarudisha nyuma wiki tatu alama ya muda inayoionyesha ilipoishia, ili isome upya fomu zote za kipindi hicho kama vile mtandao umekatika, nikaiendesha mara ya tatu. Elfu moja mia tisa na ishirini, palepale. Bwana Hilary alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitoka nje na simu sikioni, nikamsikia anasema dozi za Gendabi zisipakiwe.

Nilimpigia Mzee Akonaay, nikamwambia Jumamosi Wilbard atavuka korongo, wawe na ng'ombe karibu. Akashukuru. Kisha nikabaki na skrini. Kwa mara ya kwanza niliandika namba badala ya jina: 0417.

Ulikuja mstari mmoja. Jike, mwekundu, Gendabi, amechanjwa Mei. Umesahihishwa Juni, siku nne baada ya mazishi. Mwenye zizi: Akonaay. Mmiliki: Marieta Bonaventura.

Nina kaka wawili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba 0417 ni wangu.